Fedha za Mgeni Kabla ya Siku ya Safari

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya mkutano wa wenye kampuni za utalii na wahasibu wao. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Majedwali yaliyooneshwa ukutani nimeyaacha. Hesabu zake nimezieleza kwa maneno.

Ndugu mwenyekiti, wenye kampuni, wahasibu wenzangu, na ninyi nyote mnaopokea maombi ya wageni na kuwapangia safari, nawashukuru kwa kunialika.

Naomba nianze na swali. Mgeni amelipa leo. Safari yake ni baada ya miezi minane. Fedha zimeingia benki, katika akaunti yenye jina la kampuni yenu, na taarifa ya benki inazionesha pale, wazi kabisa. Je, fedha zile ni mapato yenu?

Nimewahi kuuliza swali hili katika mikutano mingi, na mara nyingi jibu la kwanza ni ndiyo, kwa sababu fedha zimeingia na stakabadhi imetolewa. Sasa niulize kwa namna nyingine. Ikiwa kesho mtamwambia mgeni yule kwamba hamtampeleka popote, je, mtabaki na fedha zake? Hapo ukumbi hunyamaza. Mtamrudishia. Na kitu ambacho lazima ukirudishe usipofanya kazi uliyoahidi, kitu hicho ni deni lako mpaka siku utakapoifanya kazi hiyo.

Nitawasimulia nilichokikuta katika kampuni moja iliyoniita miaka kadhaa iliyopita. Mwenye kampuni alikuwa mtu mchapakazi, na mhasibu wake alikuwa mwangalifu: kila stakabadhi ilikuwapo, kila vocha ilikuwa na saini mbili, na usuluhishi wa benki ulifanyika kila mwezi bila kukosa. Walikuwa na desturi moja tu iliyonishtua. Kila malipo ya mgeni yaliandikwa kuwa mapato siku yalipoingia, na kila malipo ya hoteli au ya magari yaliandikwa kuwa gharama siku yalipotoka.

Tazameni desturi hiyo ilizaa nini. Katika miezi ambayo wageni huweka nafasi, arbuni ziliingia kwa wingi, na hoteli zilikuwa bado hazijadai sehemu kubwa ya fedha zao. Taarifa za miezi ile zilionesha faida nono. Mwenye kampuni, kwa kuamini taarifa zake, alinunua magari mawili kwa fedha taslimu na kujigawia gawio. Kisha ikafika miezi ya safari. Ofisi ilijaa wageni, magari yote yalikuwa barabarani, madereva hawakupata mapumziko, na taarifa za miezi hiyo hiyo zilionesha hasara, tena hasara mwezi baada ya mwezi. Mwenye kampuni aliamini kwamba anaibiwa. Alimwondoa msimamizi wa magari. Hasara ikaendelea. Alimwondoa na mnunuzi. Hasara ikaendelea.

Nilipofika, niliomba kitu kimoja: orodha ya kila mgeni ambaye amelipa lakini bado hajasafiri, na kiasi alicholipa. Orodha hiyo haikuwapo. Ilituchukua siku tatu kuikusanya kutoka katika barua pepe, stakabadhi na taarifa za benki. Tulipoijumlisha, jumla yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya fedha zilizokuwa benki pamoja na fedha zote zilizokwisha kulipwa kwa hoteli kwa ajili ya wageni hao. Maana yake ni kwamba wageni waliosafiri mwezi ule walikuwa wakihudumiwa kwa amana za wageni wa miezi ijayo, na wale wa miezi ijayo wangehudumiwa kwa amana za watu ambao hata walikuwa hawajapiga simu. Hakuna aliyeiba hata senti moja. Msimamizi wa magari na mnunuzi walifukuzwa bure, na jambo hilo lingali linaniuma.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha vina kiwango cha 15, yaani IFRS 15, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, na ndicho kinachohusu mapato yatokanayo na mikataba na wateja. Kiini chake kwa biashara yetu ni rahisi: mapato huandikwa pale mteja anapopata huduma aliyoahidiwa, si pale anapolipa. Fedha zilizolipwa kabla ya huduma huandikwa upande wa dhima, katika akaunti ambayo mimi huiita amana za wageni. Vivyo hivyo kwa upande wa pili, na hapa ndipo wengi hukosea hata baada ya kurekebisha upande wa kwanza: fedha mlizowalipa wenye hoteli na wenye magari kabla ya mgeni kufika si gharama bado. Ni haki yenu ya kudai vitanda na magari. Zinakaa katika mizania kama mali, katika akaunti ya malipo yaliyotangulia, zikisubiri siku ile ile ambayo amana ya mgeni inaisubiri.

Naomba tulifuate faili moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nitatumia namba bila kutaja fedha ya nchi yoyote, ili kila mmoja aweke ya kwake.

Familia moja imenunua safari ya siku za mwisho wa mwaka. Wanafika tarehe 30 Desemba, wanalala usiku 8, na wanaondoka tarehe 7 Januari. Bei ya safari nzima ni 10,000. Hoteli inadai 5,600, yaani 700 kwa kila usiku. Magari na dereva ni 2,400, yaani 300 kwa kila siku tukihesabu siku 8 za huduma. Kinachobaki kwa kampuni ni 2,000. Mwaka wa fedha wa kampuni unafungwa tarehe 31 Desemba.

Mwezi wa Aprili familia inalipa arbuni ya asilimia 30, yaani 3,000. Benki inaongezeka kwa 3,000, na amana za wageni zinaongezeka kwa 3,000. Mapato ni sifuri. Mwezi wa Juni hoteli inataka asilimia 20 ili ishikilie vyumba, nanyi mnalipa 1,120. Benki inapungua, malipo yaliyotangulia yanaongezeka. Gharama ni sifuri. Kampuni ile niliyowasimulia ingekuwa tayari imeandika faida ya 1,880 katika faili hili, na hakuna mtu aliyelala hata usiku mmoja.

Tarehe 15 Novemba, siku 45 kabla ya safari, familia inamalizia 7,000. Tarehe 30 Novemba, siku 30 kabla ya safari, mnaimalizia hoteli kwa kulipa 4,480, na mnamlipa mwenye magari nusu yake, 1,200. Nusu ya pili atailetea ankara baada ya safari. Zingatieni zile siku 15 kati ya fedha kuingia na fedha kutoka. Katika siku hizo akaunti ya benki hupendeza sana, na maamuzi mengi mabaya niliyoyaona katika biashara hii yalifanywa ndani ya siku kama hizo.

Simameni nami katikati ya Desemba, mgeni akiwa bado hajafika. Benki ina 3,200 kutokana na faili hili. Malipo yaliyotangulia ni 6,800. Jumla ni 10,000. Amana ya mgeni nayo ni 10,000. Pande mbili zinalingana, na faida ni sifuri, kwa sababu kazi haijaanza. Je, ile 3,200 iliyoko benki ni yenu? Humo ndani 1,200 ni ya mwenye magari. Nyingine 2,000 ni fungu lenu, lakini hamjalifanyia kazi bado, na safari ikivunjika kwa kosa lenu mtalirudisha pamoja na mengine yote.

Sasa tarehe 30 Desemba inafika na familia inashuka. Hapa kuna swali ambalo wahasibu wamelijadili kwa muda mrefu: tunaposema tarehe ya safari, ni tarehe ipi? Ni siku ya kuanza, siku ya kumaliza, au kila siku kidogo kidogo?

Kwa miaka mingi, kampuni nyingi ziliandika mapato yote siku ya kuanza safari. Ni njia rahisi, na kwa safari ya siku moja au mbili iliyo ndani ya mwezi mmoja haina madhara. Hata hivyo kiwango cha 15 kinauliza kama mteja anaipokea na kuitumia huduma kadiri inavyotolewa. Kwa safari iliyofungwa pamoja, jibu ni ndiyo: usiku uliolala umekwisha, hauwezi kurudishwa. Kwa hiyo mapato ya safari kama hii huandikwa kwa kufuata siku zake, na baadhi ya kampuni kubwa za utalii duniani zilibadili utaratibu wao kiwango hicho kilipoanza.

Je, tofauti ni kubwa? Tuipime kwa familia yetu. Tukiandika yote siku ya kuanza, mwaka unaofungwa unapata mapato 10,000, gharama 8,000 na faida 2,000. Tukifuata siku, usiku uliotumika hadi kufunga mwaka ni 2 kati ya 8, yaani robo. Mapato ni 2,500. Gharama ya hoteli ni 1,400, ya magari ni 600, jumla 2,000. Faida ya mwaka ni 500, na ile 1,500 iliyobaki ni ya mwaka unaofuata. Mizania ya tarehe 31 Desemba itaonesha benki 3,200, malipo yaliyotangulia kwa hoteli 4,200 na kwa magari 600, na upande wa pili amana ya mgeni 7,500 pamoja na ile faida ya 500. Pande zote mbili ni 8,000.

Faili moja limehamisha 1,500. Kampuni yenye mafaili 40 ya namna hiyo juu ya mpaka wa mwaka imehamisha 60,000, na kodi ya faida inafuata nyuma yake. Ushauri wangu kwa kampuni ndogo ni huu: andikeni kwa tarehe ya kuanza safari ndani ya mwaka ikiwa mfumo wenu hauwezi zaidi ya hapo, lakini mwisho wa mwaka chukueni kila faili linalovuka mpaka na mligawe kwa siku. Mafaili hayo ni machache, yanafahamika, na kazi yake humalizika kwa alasiri moja.

Kuna jambo dogo ambalo lazima niliseme kabla sijaliacha faili hili. Mnapotoa amana kwenda mapato, toeni na gharama siku hiyo hiyo, hata kama ankara haijafika. Mwenye magari wetu ataleta ankara ya pili katikati ya Januari. Ikiwa mhasibu atasubiri karatasi, safari zenye ankara za kuchelewa zitaonesha faida kubwa isiyokuwapo, na mwezi unaofuata utabeba gharama za wageni ambao wamekwisha kurudi kwao. Bei mlikubaliana wakati wa kuweka nafasi, nanyi mnayo kwa maandishi. Iandikeni kama gharama inayodaiwa, kisha ankara ikifika, rekebisheni tofauti. Mishahara ya ofisi, pango na matangazo havihusiki na kusubiri huku. Hizo ni gharama za mwezi wake. Kamisheni mliyomlipa aliyewaletea mgeni huyu mahususi inaweza kusubiri pamoja na faili lake, ingawa kiwango kinaruhusu iandikwe gharama moja kwa moja ikiwa muda wa kusubiri hauzidi mwaka mmoja.

Ndugu zangu, mtu atajuaje kama daftari lake liko sawa? Mimi hutumia vipimo vitatu, na vyote vinatokana na orodha moja: kila faili, tarehe ya safari, kilichopokelewa kwa mgeni, kilicholipwa kwa watoa huduma.

Kwanza, jumla ya amana katika orodha lazima ilingane na salio la akaunti ya amana katika leja. Isipolingana, kuna malipo yaliyoandikwa mapato moja kwa moja, au kuna fedha iliyoingia benki bila mtu kujua ni ya mgeni yupi. Pili, mgeni aliyekwisha kurudi kwao hawezi kuwa na amana. Nimekuta salio la mgeni aliyesafiri miaka miwili nyuma. Ama mapato hayakuandikwa, ama mgeni alilipa zaidi na hakurudishiwa, na yote mawili ni makosa yanayohitaji jibu. Angalieni pia salio lililogeuka, yaani mgeni aliyesafiri kabla ya kumaliza malipo. Huyo ni mdaiwa. Msimchanganye na wengine hadi deni lake likafichwa na amana za wenzake.

Kipimo cha tatu ndicho ningependa kila mwenye kampuni akiulize mwenyewe, si kumwachia mhasibu. Chukueni fedha zilizoko benki, jumlisheni na malipo yaliyotangulia kwa ajili ya wageni ambao hawajasafiri, kisha linganisheni na amana zote za wageni hao. Katika faili letu la katikati ya Desemba tulipata 10,000 kwa 10,000. Ikiwa kampuni nzima ina amana za 400,000, na benki pamoja na malipo yaliyotangulia ni 310,000, basi 90,000 za wageni zimekwisha kutumika kwa mambo mengine. Zimekwenda wapi? Gari? Pango? Gawio? Swali hilo lijibiwe mwezi huo huo, kwa sababu pengo hili halionekani popote pengine. Taarifa ya mapato haiwezi kulionesha, na salio la benki linalificha.

Mwaka 2020 tulilishuhudia pengo hili kwa macho. Mipaka ya nchi ilifungwa katika muda wa wiki chache, arbuni mpya zikakoma, na wageni wa mbele wakataka fedha zao kwa wakati mmoja. Kampuni ambayo vipimo vyake vilikuwa sawa ilikuwa na cha kurudisha, au angalau ilijua ni hoteli gani inashikilia fedha za nani. Ile iliyokuwa ikiwahudumia wageni wa leo kwa amana za kesho haikuwa na kesho ya kukopa.

Hilo linanileta kwenye safari zinazovunjwa. Wengi hunijia na hoja hii: "Mkataba wetu unasema arbuni hairudishwi. Basi mbona tusiiandike mapato siku ile ile?" Ni hoja nzito na ninaiheshimu. Lakini kiwango kimeijibu waziwazi. Malipo ya mwanzo yasiyorudishwa, ikiwa ni sehemu ya bei ya huduma itakayotolewa baadaye, ni malipo yaliyotangulia ya huduma hiyo, na yanasubiri huduma. Arbuni ya 3,000 ya familia yetu si ada ya kufungua faili. Ni sehemu ya bei ya vitanda na magari.

Mapato yanakuja lini, basi, mgeni akighairi? Yanakuja siku anapoghairi, kwa sababu siku hiyo wajibu wenu kwake unakufa. Nitawapa kisa. Mgeni mmoja alighairi siku 20 kabla ya safari. Alikuwa amelipa 6,000, na kwa masharti ya mkataba kampuni ilibaki na nusu. Mhasibu kijana akaandika mapato 3,000 na marejesho 3,000, akafunga faili kwa furaha. Nilimuuliza, "Na hoteli, mwanangu?" Hoteli ilikuwa imelipwa 2,200 na haikurudisha kitu. Fedha hizo zilikuwa zingali zimekaa katika malipo yaliyotangulia, zikisubiri mgeni ambaye hatakuja kamwe. Tulipoziandika gharama, faida ya kughairi ikawa 800. Mafaili ya namna hii yakiachwa, mizania hujaa mali ambazo si mali: vyumba vya wageni walioghairi, usiku uliopita zamani. Ikiwa hoteli imekubali kwa maandishi kuwatunzia fedha hizo kwa mgeni mwingine, zinabaki kuwa mali, mradi mna mgeni wa kumpeleka kabla muda wa makubaliano haujaisha. Bila maandishi, ziandikeni gharama.

Na mgeni aliyeahirisha? Huyo hajaghairi. Amana yake inabaki dhima, tarehe inabadilika katika orodha, na hakuna mapato hata kidogo. Ikiwa hoteli imetoza faini ya kubadilisha tarehe na mgeni hailipi yeye, faini hiyo ni gharama yenu sasa.

Kuhusu tiketi za ndege na vitu mnavyowauzia wageni kwa niaba ya wengine, nitapita haraka. Jiulizeni hivi: mgeni akifika akakuta nafasi yake imepewa mtu mwingine, nani anawajibika kumtafutia nyingine? Kwa chumba kilicho ndani ya safari mliyoifunga na kuipangia bei wenyewe, ni ninyi, na bei yote ni mapato yenu. Kwa tiketi ya ndege mliyomkatia tu kwa bei ya shirika, ni shirika. Hapo ninyi ni wakala, mapato yenu ni kamisheni peke yake, na kazi yenu kwa kawaida imekwisha tiketi inapotolewa, hata kama ndege itaruka baada ya miezi mitano. Kampuni inayoandika bei nzima ya tiketi kama mapato huonekana kubwa kuliko ilivyo, na asilimia yake ya faida huonekana ndogo hadi benki ikasita kuikopesha.

Mwisho ni suala la fedha za kigeni, kwa kuwa wageni wengi hulipa kwa fedha isiyo ya hesabu zenu. Tuseme zile 3,000 za Aprili zilikuwa za kigeni, na siku hiyo kila moja ilibadilishwa kwa 100 za nyumbani. Zile 7,000 za Novemba ziliingia kwa 110. Siku ya safari kiwango cha kubadilisha fedha ni 120. Mapato ni kiasi gani? Wengi huzidisha 10,000 kwa 120 na kupata 1,200,000. Si sahihi. Tafsiri ya 22 ya viwango vile vya kimataifa, yaani IFRIC 22, iliyoanza kutumika pamoja na kiwango cha 15 mwaka 2018, inasema kila malipo yaliyotangulia yashike kiwango cha kubadilisha fedha cha siku yalipoingia. Arbuni ni 300,000, malipo ya pili ni 770,000, na mapato ya safari ni 1,070,000, bila kujali kiwango cha siku mgeni anaposhuka. Malipo mliyoyatanguliza kwa hoteli kwa fedha ya kigeni nayo yanashika kiwango cha siku yalipotoka.

Sababu yake ni nzuri, na ukiielewa hutaisahau. Mnachodaiwa na mgeni si fedha, ni safari. Safari haipandi wala haishuki kwa kiwango cha kubadilisha fedha, kwa hiyo amana haigeuzwi kila mwisho wa mwezi. Akaunti yenu ya benki ya fedha za kigeni ndiyo inayogeuzwa, kwa sababu hiyo ni fedha kweli. Lakini mgeni akighairi na mkawa mnadaiwa marejesho, siku hiyo deni linakuwa la fedha, na kuanzia hapo hugeuzwa kwa kiwango cha kila mwisho wa mwezi mpaka mlipe. Mifumo mingi ya hesabu huigeuza akaunti ya amana yenyewe bila kuulizwa, kwa sababu aliyeifungua aliiandika kama akaunti ya fedha za kigeni. Mkirudi ofisini, fungueni mipangilio ya akaunti hiyo mwone imewekwaje. Kama kila mwisho wa mwezi kuna ingizo la faida au hasara ya kubadilisha fedha linaloigusa akaunti ya amana, basi mapato yenu yote yaliyotokana nayo yanahitaji kupigwa hesabu upya, faili kwa faili.

Mwenyekiti amenionesha kwamba muda wangu umekwisha. Baada ya chai nitakuwa katika meza ile ya nyuma, na mwenye faili linalomsumbua alilete tulifungue pamoja.